Maneno manne ya mhasibu

Wasikilizaji wangu, juma hili nataka tuzungumze juu ya aya moja fupi, ile inayokaa juu kabisa ya wasifu wa mtu anayeomba kazi, chini tu ya jina lake. Ni sentensi tatu au nne. Mwajiri mwenye rundo la barua mezani huenda asisome zaidi ya hapo. Kwa mtu anayebaki katika kazi yake ile ile, aya hiyo haina tabu. Lakini kwa mhasibu wa makamo anayetaka kuhamia uchambuzi wa data, hapo ndipo penye kazi, maana cheo chake kinasema jambo moja na ombi lake linasema jingine.

Yuko mama mmoja wa hapa kwetu Kiboriloni, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka 12. Ameniruhusu nimtolee mfano, nami nimezibadilisha tarakimu zake ili asitambulike. Aliniletea aya iliyosema hivi: "Mhasibu mwaminifu, mwenye bidii na anayejituma, mwenye uzoefu wa miaka 12, anayetafuta nafasi yenye changamoto katika uchambuzi wa data. Ana ujuzi wa Excel, SQL, Python na Power BI."

Hebu tuitazame. Uaminifu na bidii hakuna asiyejiandikia; hata aliyefukuzwa kwa wizi hujiandikia hivyo. "Nafasi yenye changamoto" haimwambii mwajiri ni kazi gani inayoombwa. Na zile programu nne zimepangwa mstari mmoja kama mitumba ya Kiboriloni siku ya soko, shati jipya na lililotoboka bei moja. Nilipomuuliza, Excel anaitumia kila siku. SQL amejifunza jioni kwa miezi minane na anaweza kuunganisha majedwali mawili au matatu. Power BI ndiyo kwanza anaanza. Python alihudhuria semina ya siku mbili. Basi Python tukaifuta, kwa sababu mwajiri akimpa jaribio la nusu saa kwenye kompyuta, uongo wa neno moja utaangusha na yale matatu ya kweli.

Kisha nikamwuliza swali ambalo naona ndilo la msingi: katika hiyo miaka 12, ni lini uliitazama leja ukaona jambo ambalo hakuna aliyekutuma ulitafute? Akafikiri, akasema, "Labda ile habari ya mikopo ya Januari."

Habari yenyewe ni hii. Mwishoni mwa mwaka 2023 aliichukua mikopo yote 640 ya mwaka huo, akaipanga kwa mwezi iliotolewa, halafu akahesabu katika kila kundi ni mingapi iliyowahi kuchelewa zaidi ya siku 30. Katika mikopo 180 ya Januari na Februari, 54 ilichelewa, yaani asilimia 30. Katika 460 ya miezi mingine ilichelewa 46, yaani asilimia 10. Sababu haikuwa mbali. Januari watu wa mlimani hukopa ada ya shule, rejesho la kwanza likadaiwa Februari, na kahawa ya Kilimanjaro huvunwa kuanzia karibu Julai hadi Desemba. Mkulima alidaiwa fedha wakati hana kitu. Alipeleka jedwali lake kwenye bodi, bodi ikakubali mkulima wa kahawa aanze kulipa Septemba. Mwaka 2024, katika mikopo 175 ya Januari na Februari, iliyochelewa ilikuwa 28, asilimia 16.

Mama huyu alikuwa na uchambuzi wa data mkononi, tena mzuri, lakini kwenye aya yake haukuwamo hata neno. Aliuona kuwa sehemu ya kufunga hesabu za mwaka.

Hata hivyo, msikilizaji, kuwa na tarakimu hakutoshi. Rasimu ya pili ilisema: "Nilipunguza ucheleweshaji wa mikopo kwa nusu." Sentensi hiyo inapendeza masikioni, lakini mchambuzi yeyote aliyekaa upande wa pili wa meza atauliza maswali mawili. La kwanza: mmesogeza tarehe ya kudai, je, waliochelewa hawakupungua kwenye karatasi tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anadaiwa? Ni swali la haki. Kwa bahati njema alikuwa amehesabu siku 30 kuanzia tarehe ya kila rejesho la mkopo wenyewe, na akafuatilia kila mkopo mpaka rejesho la mwisho, kwa hiyo jibu analo. Swali la pili: huenda mwaka huo watu walikuwa na fedha zaidi, wakalipa vizuri wote? Hapo inasaidia mikopo ya miezi mingine. Ile haikuguswa na bodi, na ilichelewa 41 katika 450, asilimia 9, karibu sawa na mwaka uliotangulia. Hilo linatia nguvu hoja yake, lakini halimalizi kila shaka, kwa kuwa wakopaji wa Januari ndio hasa wakulima wa kahawa, na bei ya kahawa ikipanda huwagusa wao kuliko wengine. Na tena, uamuzi ulikuwa wa bodi. Kwa hiyo "nilipunguza" likaondoka. Nusu nayo ikaondoka, maana kutoka 30 hadi 16 haifiki nusu.

Aya ikaishia hivi: "Mhasibu mwenye cheti cha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, miaka 12 katika chama cha akiba na mikopo, anaomba kazi ya kuchambua data ya mikopo. Alichambua mikopo 640 ya mwaka 2023 na kuonyesha kuwa ya Januari na Februari huchelewa mara tatu kuliko mingine. Baada ya bodi kusogeza marejesho yaende na msimu wa kahawa, ucheleweshaji katika kundi hilo ulishuka kutoka asilimia 30 hadi 16. Hulinganisha kila mwezi miamala ya simu na leja ya wanachama 1,400. Anatumia Excel kila siku na SQL kuunganisha majedwali. Anajifunza Power BI."

Angalieni kwamba uhasibu haukufichwa. Wengine huona haya, wakajiita "mchambuzi mzoefu wa data", halafu ukurasa wa chini unaonyesha miaka 12 ya uhasibu, na mwajiri anabaki akijiuliza nani kadanganya. Mtu anayejua kwa nini leja haikubaliani na taarifa ya benki ana kitu ambacho kijana aliyehitimu juzi na programu zake kumi hana. Angalieni pia "baada ya", si "kwa sababu ya".

Aya kama hii itamfanya mwajiri aseme, "Nionyeshe hilo jedwali." Kubeba faili la chama hakufai, ni mali ya chama, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ametengeneza nakala ya mfano yenye tarakimu za kubuni, isiyo na majina wala namba za simu. Mwanzoni alikuwa ameacha humo safu ya vitongoji. Nikamwambia aitoe, maana kitongoji chenye mikopo mitatu tu, mmoja umechelewa, watu wa Kiboriloni watamtaja mkopaji kabla ukurasa haujamaliza kufunguka.