Kusoma Skrini ya Malipo Yaliyoshikiliwa

Kwenye Upwork, mkataba wa bei maalumu huonyesha pesa zinazoshikiliwa na jukwaa: mteja amekwisha kuzilipa, lakini mfanyakazi bado hajazipata. Kiasi hicho ni cha hatua iliyowekewa pesa tu. Kazi ya dola 300 yenye hatua tatu inaweza kuonyesha dola 100 pekee. Kuanza hatua ya pili kabla haijawekewa pesa ni kufanya kazi bila dhamana, na hapo ndipo wengi huumia.

Hatua ikiwasilishwa, malipo husubiri kuachiliwa, na mteja ana siku 14 za kukagua. Faili lililotumwa kwa ujumbe wa kawaida halianzishi hesabu hiyo. Lazima kazi iwasilishwe kwa kitufe cha malipo cha hatua yenyewe. Ikiwasilishwa Machi 3 na mteja akanyamaza, malipo huachiliwa yenyewe Machi 17. Mteja akiomba marekebisho, hesabu husimama, kisha huanza upya kazi ikiwasilishwa tena.

Malipo yaliyoachiliwa hukaa siku 5 zaidi za usalama. Kwa hiyo pesa hizo, ada ya jukwaa ikishakatwa, huweza kutolewa kuanzia Machi 22.