Kukata Maelezo ya Mauzo ya Ufuta Katika Slaidi Nane: Mada kwa Makarani na Vijana wa AMCOS, Lusewa

Leo nimekuja na posti moja tu ya Instagram, ile ambayo msomaji huitelezesha kwa kidole kutoka picha hadi picha. Inamweleza mkulima wa ufuta wa hapa Lusewa safari ya mzigo wake kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, tangu anapoanika hadi pesa inapoingia benki. Instagram iliruhusu picha 10 katika posti moja mwaka 2017, na mwaka 2024 ikaongeza hadi 20. Mimi nimetumia nane. Zikizidi hapo, mkulima anachoka kabla hajafika kwenye malipo, na malipo ndiyo aliyoyafungulia posti hiyo.

Swali gumu kuliko yote ni mahali pa kukata. Chama kimoja nilichokisaidia zamani kilikata tangazo lake kwa kufuata mpangilio wa ofisi: chama cha msingi, chama kikuu, ghala, mnada, benki. Lilionekana limepangika, lakini wakulima waliendelea kuuliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Tangu hapo ninakata pale mkulima anapobadilisha mahali au anapopokea kitu mkononi. Akitoka nyumbani kwenda kituoni, ni slaidi mpya. Mzigo ukipanda mizani, ni slaidi mpya. Akikabidhiwa risiti, vilevile. Kazi za ofisi asizoziona nimezibana zote katika slaidi moja ya kusubiri, hata kama kwetu makarani ndiko jasho linakotoka.

Tuanze na zile nne za mwanzo jinsi zilivyoandikwa.

Slaidi ya 1: "Unauza ufuta kwa stakabadhi ghalani? Fuata hatua hizi, kuanzia nyumbani hadi malipo benki."

Slaidi ya 2: "NYUMBANI. Anika ufuta ukauke. Pepeta na uchekeche. Toa mchanga, mawe na majani. Mzigo mchafu hurudishwa."

Slaidi ya 3: "KITUONI. Njoo na ufuta, kitambulisho na namba ya akaunti yako ya benki. Akaunti iwe hai na iwe kwa jina lako."

Slaidi ya 4: "MIZANI. Simama uone mizani inavyosoma. Kilo zinazoandikwa ziwe zile ulizoziona."

Mtaona slaidi ya 2 hadi ya 4 zinaanza na jina la mahali, halafu yanafuata maagizo mafupi. Hakuna iliyozidi maneno 20. Kipimo changu si hesabu ya maneno peke yake. Ninaisoma slaidi kwa sauti mbele ya mtu asiyeiona, kisha ninamwomba anirudishie. Hapa kwetu simu yenye Instagram mara nyingi ni ya kijana, na mwenye shamba ni mama yake au babu yake anayesomewa. Sentensi ikimlazimu kijana airudie mara mbili ili imwelee, basi bado ni ndefu.

Slaidi ya 5 ndiyo niliyoihangaikia zaidi. "RISITI. Usiondoke bila risiti ya chama. Kagua jina, kilo, tarehe na akaunti. Itunze hadi ulipwe." Mwanzoni niliandika "stakabadhi", na likazaa mkanganyiko. Stakabadhi ya ghala hutolewa na mwendesha ghala mzigo ukishapokelewa ghala kuu, wakati karatasi anayorudi nayo mkulima kutoka kituoni ni risiti ya mapokezi ya chama. Nikitumia neno moja kwa karatasi zote mbili, mkulima atadhani ya pili imefichwa. Katika posti nzima nimeliacha "stakabadhi" libaki kuwa jina la mfumo tu.

Slaidi ya 6: "SUBIRI. Chama kinapeleka ufuta ghala kuu, kisha mzigo unaingia mnadani. Bei haijulikani siku ya kupima." Sentensi hiyo ya mwisho msiiondoe hata mkibanwa na nafasi. Mkulima aliyezoea kangomba anayelipa papo hapo, akiondoka kituoni bila bei ataona ameibiwa, isipokuwa awe ameambiwa mapema kwamba wanunuzi watashindana mnadani baadaye, na bei itapatikana huko.

Sasa slaidi ya 7, ya hesabu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mfano: kilo 100, bei shilingi 3,000, toa makato, unapata kiasi fulani. Niliamini mfano wenye namba hueleweka haraka. Kumbe slaidi haikai na wenzake. Mtu aliipiga picha, akaituma peke yake kwenye kundi la WhatsApp, na kufika jioni watu walikuwa wanaambiana kwamba ufuta umetangazwa 3,000. Neno "mfano" lilikuwepo, dogo, pembeni. Bei ya mnada ilipokuja tofauti, lawama zilimwangukia karani ambaye hakuandika lolote. Leo slaidi hiyo haina shilingi hata moja:

"MALIPO. Kilo zako × bei ya mnada − makato = pesa yako. Omba karani akusomee kila kato."

Fundisho hilo limebadilisha posti yote. Kila slaidi ninaiandika kana kwamba itasomwa yenyewe, na mtu ambaye hajaziona nyingine. Kwa hiyo juu ya kila moja kuna maneno "Ufuta, stakabadhi ghalani", jina la chama, mwaka wa msimu na namba kubwa, kwa mfano "5 kati ya 8". Namba hiyo ina kazi nyingine pia. Picha zikishahifadhiwa kwenye simu, ya mwisho kuhifadhiwa hujitokeza ya kwanza. Anayezituma WhatsApp kwa haraka huzituma kinyumenyume, malipo yakatangulia mizani. Penye namba, msomaji hujipangia mwenyewe.

Kuhusu vipimo nitasema machache. Tengenezeni zote kwa upana wa 1080 na urefu wa 1350, maana mkichanganya maumbo, slaidi zinaweza kukatwa kufuata umbo la ile ya kwanza, na maandishi ya ukingoni yakapotea. Acheni nafasi pande zote. Herufi ziwe nene, nyeusi juu ya rangi nyepesi, kwa sababu zitasomwa juani, kituoni, kwenye kioo kilichopasuka. Picha ya shamba nyuma ya maandishi inapendeza ofisini lakini inameza maneno nje.

Slaidi ya 8: "PESA HAIJAINGIA? Nenda ofisi ya chama na risiti yako. Uliza: ufuta wangu umeuzwa mnada wa ngapi?" Swali hilo nimeliandika kwa makusudi. Mkulima akiuliza "pesa yangu iko wapi", karani hana pa kuanzia. Akitaja mnada, karani anafungua orodha ya malipo ya mnada huo, anatafuta jina, anaona kama akaunti imekosewa tarakimu au kama malipo ya mnada huo hayajatoka kabisa. Haya ni matatizo mawili tofauti: la kwanza linamalizwa pale mezani kwa kulinganisha risiti na namba ya akaunti ya mkulima, la pili linahitaji katibu apige simu chama kikuu mkulima akiwa bado amekaa hapo.