Goti Moto, Lililovimba, Pamoja na Homa: Msisubiri Kesho

(Hotuba ya elimu ya afya kwa wakazi wa kaunti)



Hotuba ya leo inahusu ugonjwa unaoweza kumwacha mtoto kilema katika muda wa siku chache, ilhali siku ya kwanza huonekana kama jambo la kawaida kabisa. Ni ugonjwa wa bakteria kuingia ndani ya kiungo, yaani pale mifupa miwili inapokutana: goti, nyonga, kifundo cha mguu, bega au kiwiko. Watoto wadogo hupatwa zaidi, lakini watu wazima nao hawajasazwa.

Chukueni mfano wa mvulana wa miaka sita. Mfano huu ni wa kuelezea tu, lakini unafuata njia ambayo ugonjwa huu hupitia mara nyingi. Siku ya Ijumaa jioni mtoto anaanguka akicheza mpira. Anajipangusa vumbi, anaendelea kucheza, kisha anarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Jumamosi hana tatizo. Jumapili anachechemea na goti la kulia limeanza kujaa. Mama anasema, "Ni ile ajali ya mpira," anamchua kwa maji ya moto na kumpaka dawa ya misuli. Jumatatu mwili una joto. Anapelekwa zahanati, anapimwa damu, malaria inaonekana, anapewa dawa na kurudi nyumbani. Jumanne usiku hawezi kusimama. Goti amelikunja na hataki mtu alisogelee.

Tazameni kilichotokea hapo. Uvimbe umepewa sababu yake, ambayo ni mpira. Homa nayo imepewa yake, ambayo ni malaria. Kila dalili ina maelezo, na kwa hiyo hakuna aliyeziweka mbili pamoja. Jumatano alfajiri nyanya yake anaweka mgongo wa kiganja juu ya goti moja, kisha juu ya la pili. La kulia ni moto, la kushoto ni baridi. Anasema, "Malaria huumiza mwili mzima. Haichagui goti moja. Mtoto huyu aende hospitali sasa hivi."

Nyanya huyo amesema kweli. Katika sehemu zenye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu na wakati huohuo akawa na ugonjwa mwingine. Malaria haileti kiungo kimoja kilichovimba na kuwa moto. Kwa hiyo kipimo cha malaria kikionyesha ugonjwa upo, mtoto atibiwe malaria, lakini goti bado halijapata jibu.

Kuhusu kuanguka, kuna njia rahisi ya kutofautisha. Maumivu ya kuumia huanza pale pale, huwa makali siku ile au kesho yake, kisha hupungua. Maumivu ya bakteria ndani ya kiungo huenda yakizidi kila siku, na homa hufuata. Mtoto aliyeweza kutembea baada ya kuanguka, kisha siku mbili baadaye akashindwa kukanyaga, hajaumizwa na mpira tu.

Bakteria hao hutoka wapi? Mara nyingi hupitia kwenye damu. Mvulana wa mfano huu alikuwa na jipu dogo kwenye muundi wiki moja kabla, na lilikuwa linapona. Kutoka kwenye jipu, kidonda au ugonjwa mwingine mwilini, bakteria wachache huingia kwenye damu na kufika kwenye utando laini unaozunguka kiungo. Utando huo una mishipa mingi ya damu na hauna kizuizi imara, hivyo hupenya kwa urahisi. Wakishaingia ndani, huongezeka kwa haraka na kiungo hujaa usaha.

Hapo ndipo saa zinapohesabika. Ncha za mifupa ndani ya kiungo zimefunikwa na gegedu, ile sehemu nyeupe inayoteleza na kuwezesha goti kukunjika bila kukwaruza. Gegedu halina mishipa ya damu, na likiharibika kwa kiasi kikubwa haliwezi kujijenga upya kama ngozi inavyofanya. Kemikali zinazotolewa na bakteria, pamoja na zile za chembe za damu zinazopigana nao, huanza kulila gegedu. Uharibifu usioweza kurudishwa unaweza kuanza ndani ya siku chache tu. Kwenye nyonga kuna hatari nyingine: usaha hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na kichwa hicho kinaweza kufa. Kwa mtoto, sehemu ya mfupa inayokua inaweza pia kuharibika, na mguu mmoja ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Mbali na kiungo chenyewe, bakteria wanaweza kusambaa katika damu na kuua.

Dalili za kuangalia ni chache. Kiungo kimoja kinavimba, kina joto na kinauma sana, hata mtu mwingine akikisogeza kidogo tu. Mgonjwa hawezi au hataki kukitumia. Ana homa au anatetemeka kwa baridi. Msilazimishe kiungo kukunjika ili kupima maumivu. Kukataa kwa mtoto ni jibu tosha.

Kuna wagonjwa ambao dalili zao hujificha. Nyonga iko ndani sana, hivyo uvimbe hauonekani. Mtoto hulala paja likiwa limekunjwa na kugeukia nje, na anaweza kulalamika kuwa goti ndilo linalouma. Mtoto mchanga huenda asiwe na homa kabisa. Mama huona tu kwamba hachezeshi mguu au mkono mmoja, na analia kila anapobadilishwa nepi. Wazee, wenye kisukari na wanaotumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili nao wanaweza kukosa homa. Wenye ugonjwa wa selimundu wamezoea maumivu ya mifupa na viungo, lakini kiungo kimoja kilichovimba pamoja na homa kisichukuliwe kuwa maumivu yaleyale ya siku zote. Vivyo hivyo kwa mtu mwenye jongo: jongo huweza kuleta kiungo moto na hata homa, na hakuna anayeweza kutofautisha kwa macho. Ni maji ya kiungo yanayotoa jibu.

Sasa, la kufanya. Mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hospitali inayofaa ni ile yenye daktari na chumba cha upasuaji, kama vile hospitali ya kaunti ndogo au ya rufaa ya kaunti. Ikiwa zahanati ndiyo iliyo karibu, nendeni hapo na muombe rufaa ya siku hiyo, si ya wiki ijayo. Mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kusaidia kutafuta usafiri. Mguu uachwe katika hali ambayo mgonjwa ameona ina nafuu, ukitegemezwa kwa mto au shuka iliyokunjwa. Dawa ya maumivu kama parasetamoli inaweza kutolewa kwa kipimo cha umri na uzito wake, lakini homa ikishuka baada yake, safari isiahirishwe.

Yapo mambo ya kuepuka. Kiungo kisichuliwe, kisikandwe kwa maji ya moto, kisichanjwe, wala kisidungwe sindano dukani. Msinunue dawa za kuua bakteria na kuanza kunywesha nyumbani. Vidonge vichache vinaweza kupunguza homa na kuwaficha bakteria kwenye vipimo, huku usaha ukiendelea kula gegedu. Kama dawa yoyote imekwisha kutolewa, semeni wazi ni ipi na lini.

Mkifika, maneno haya yanatosha: "Goti hili lilianza kuvimba Jumapili, lina joto, ana homa tangu Jumatatu, na tangu jana hawezi kukanyaga." Tajeni jipu au kidonda cha hivi karibuni. Tajeni pia saa aliyokula mara ya mwisho, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji.

Hospitalini, kipimo kikuu ni kuvuta maji ya kiungo kwa sindano. Maji ya goti zima ni machache, ya manjano hafifu na yanapitisha mwanga. Yenye bakteria huwa na ukungu au ni usaha mtupu. Hupelekwa maabara, pamoja na damu, ili kutambua bakteria na dawa inayowaweza. Inafaa maji hayo yavutwe kabla ya dawa kuanza, lakini mgonjwa aliyezidiwa hacheleweshewi dawa. Eksirei ya siku za kwanza mara nyingi huonekana ya kawaida, na hiyo si sababu ya kurudishwa nyumbani. Ni haki ya mzazi kuuliza: "Je, mmefikiria bakteria ndani ya kiungo? Maji yatavutwa?"

Tiba ina sehemu mbili, na moja haitoshi bila ya nyingine. Usaha hutolewa na kiungo huoshwa, mara nyingi katika chumba cha upasuaji. Kisha dawa za kuua bakteria hutolewa kwa mshipa, na baadaye kwa vidonge au dawa ya maji. Kwa watoto tiba nzima mara nyingi huchukua wiki 2 hadi 4, na kwa watu wazima huweza kufika wiki 6. Homa huondoka mapema kuliko bakteria, na wengi huacha dawa hapo. Dawa iendelee hadi daktari aseme basi, na mazoezi ya kiungo yafuatwe ili kisikakamae.

Mvulana wa mfano huu alioshwa goti Jumatano hiyohiyo. Baada ya wiki chache anatembea, ingawa goti bado halikunjiki lote. Atarudi kliniki kwa muda mrefu ili urefu wa miguu yake upimwe anapokua, kwa sababu siku tatu zilipita kabla ya goti lake kufunguliwa. Angefikishwa Jumatatu, siku homa ilipoanza, gegedu lingekaa na usaha kwa muda mfupi zaidi.

Kiungo kimoja, moto, kimevimba, kinauma sana, na homa ipo: hospitali leo.