Barua ya Shilingi 26,100: Kuomba Vifaa vya Mada ya Umeme, Darasa la Sita

Barua nyingi za kuomba vifaa vya sayansi hukwama mezani kwa Mwalimu Mkuu hata pale fedha inapokuwepo. Mwalimu huandika "naomba Sh 100,000 za vifaa vya sayansi", na msomaji hana pa kushika. Hajui akipunguza nusu ataharibu nini, kwa hiyo anaiweka kando.

Nitachukua mfano wa sakiti rahisi kwa Darasa la Sita lenye wanafunzi 90 katika mikondo miwili. Hesabu ianzie kwenye kipindi kimoja. Mikondo hii haifundishwi kwa wakati mmoja, hivyo vifaa vya Mkondo A vitatumiwa na Mkondo B siku inayofuata. Mkondo wa watoto 45 ukigawanywa watano watano unatoa makundi tisa. Anayehesabu watoto wote 90 kwa mpigo ataomba vifaa vya makundi 18, na Mwalimu Mkuu makini ataliona hilo kabla ya kumaliza kusoma.

Kila kundi linahitaji betri mbili kubwa za tochi za volti 1.5, balbu moja ya volti 2.5 na waya wa mita moja, utakaokatwa vipande vitatu. Swichi hainunuliwi: kibanio cha karatasi na pini mbili juu ya kipande cha boksi vinatosha. Ongeza betri nne za akiba, kwa sababu lazima kundi fulani litaunganisha waya moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha ya betri bila balbu. Betri itapata joto na kuisha haraka. Ongeza pia balbu tano, maana zinaungua na kudondoka.

Kabla ya kuandika, nenda dukani. Siku hizi tochi nyingi zinatumia taa za LED, na balbu za zamani zenye uzi ndani hazipatikani kila duka. Ukiletewa LED nyeupe, somo linabadilika: haiwaki kwa betri moja, na ukigeuza ncha zake haiwaki kabisa. Mtoto aliyeunganisha vizuri ataamini amekosea. Kwa hiyo taja aina ya balbu kwenye barua, kwa sababu mara nyingi anayetumwa kununua si wewe.

Barua yenyewe, kwa bei za mfano, inaweza kuwa hivi:

"Kwa Mwalimu Mkuu, kupitia kwa Mwalimu wa Taaluma.

Yah: Ombi la Sh 26,100 kwa ajili ya vifaa vya mada ya umeme, Darasa la VI

Husika na somo tajwa hapo juu. Kwa mujibu wa azimio la kazi, mada hii itaanza wiki ya kwanza ya mwezi ujao na kuchukua vipindi sita. Naomba betri kubwa 22 kwa Sh 700 kila moja (15,400), balbu 14 za uzi za volti 2.5 kwa Sh 300 kila moja (4,200), waya mwembamba mita 9 kwa Sh 500 (4,500) na tepu nyeusi 2 kwa Sh 1,000 (2,000). Mikondo yote miwili itatumia vifaa hivi kwa zamu. Balbu na waya vitarudishwa stoo na kuingizwa kwenye leja, betri zitaisha. Bei nimezipata katika duka linalotoa risiti ya EFD."

Sentensi hiyo ya mwisho wengi huiacha, nami naiona ndiyo inayofungua mkono wa Mwalimu Mkuu. Ruzuku ya uendeshaji, ambayo tangu 2016 huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, hukokotolewa kwa idadi ya wanafunzi na kugawanywa kwa vifungu. Mwalimu Mkuu hulazimika kuonyesha kila shilingi ilitoka kifungu gani na kwa risiti ipi. Waya wa bei nafuu kwa mmachinga asiye na risiti unamwachia yeye swali la mkaguzi. Kwa sababu hiyo hiyo, barua iende mapema, fedha ya kifungu cha vifaa vya kufundishia ikiwa bado ipo, si Ijumaa ya kuamkia mada.

Liko jambo moja ambalo ningeliongeza chini ya orodha ya bei: kiwango cha chini kinachofaa. Andika kwamba zikipatikana Sh 15,000 tu, makundi yatakuwa matano ya watoto tisa, kwa betri 12, balbu 7, waya mita 5 na tepu moja, jumla Sh 14,000. Kipindi kitawezekana, ila katika kila kundi wanne au watano watabaki kutazama. Chini ya hapo ni onyesho la mwalimu mbele ya darasa, na hilo halihitaji barua. Betri mbili na balbu moja zinatosha.