Kati ya mashine na banki: feza ya butiki imeenda wapi?

(Mazungumzo kwa mkutano wa wanachama, Kirumba)



Hapa Kirumba wengi tunauza kwa feza mkononi ao kwa telefone. Lakini wenzetu wenye butiki kule Butembo na Beni wanapokea pia kadi ya banki, na shida ni moja: mashine inasema tuliuza hivi, banki inaingiza kidogo. Mara moja watu wanamuangalia kijana anayeuza. Mbele ya kumushitaki mutu, tufanye hesabu.

Tuchukue mfano wa butiki ya mabati na misumari. Mashine imetoa karatasi ya kufunga siku: siku ya ine dola 600, siku ya tano dola 300, siku ya posho dola 400. Jumla ni 1.300. Siku ya kwanza ya juma lingine, konti imeingia dola 698,68 tu. Kunakosekana dola 601,32. Ziko wapi?

Kwanza, tazama kama kila siku ilifika banki. Mashine inaweka mauzo ndani yake, halafu wakati wa kufunga siku inayatuma kwa rezo. Ile posho jioni rezo ilikatika. Karatasi ilitoka, lakini mauzo hayakutumwa. Utajua namna gani? Kwa ripoti ya banki, kila feza inayoingia iko na tarehe za mauzo yake. Posho haiko mule. Basi dola 400 hazijapotea, zinangoja mashine itume. Usiziite hasara, ziandike «zinazongojwa», na uhakikishe zimeingia juma linalofuata.

Pili, komisheni. Tuseme kontra inasema 3 kwa mia. Inahesabiwa juu ya mauzo yaliyofika tu, ni kusema 900, siyo 1.300. Ni dola 27. Juu ya komisheni kuna TVA ya Kongo, 16 kwa mia: dola 4,32. Jumla 31,32. Wengi wanasahau ile TVA, njo maana kila juma wanabaki na tofauti ndogo isiyoisha.

Tatu, feza iliyorudishwa. Mwenye kadi anaweza kuambia banki yake: «Sikununua pale», ao «Mali haikunifikia». Banki inamurudishia, na banki ya butiki inakata ile feza kwa malipo ya mauzo mengine. Kwa mfano wetu, banki imekata dola 150 za mabati yaliyouzwa miezi miwili iliyopita, na dola 20 za kazi ya ile kesi. Ni 170. Usizitafute kwa mauzo ya juma hili, hazimo. Chukua tarehe ya mauzo, tarakimu ine za mwisho za kadi na namba ya idhini, halafu urudie kaye ya ule mwezi.

Sasa jumlisha: 400, na 31,32, na 170. Inatoa 601,32. Tofauti imekuwa sifuri, na kijana hana kosa.

Kama sifuri haikupatikana, angalia ile inayobaki. Ikiwa ni sawasawa na bei ya risiti moja, tafuta mauzo yaliyokatika katikati: rezo ilianguka, mashine ikayafuta, lakini muuzaji akatoa mali. Ikiwa inabaki kidogo kidogo kila juma, kwa kipimo kilekile cha mauzo, soma tena kontra. Komisheni ya kadi za inchi za nje inaweza kuwa kubwa kuliko ya kadi za hapa.

Juu ya zile dola 150, banki inatoa siku za kujibu, zimeandikwa kwa barua yake. Jibu kwa risiti ya mashine, fakture, na karatasi ya kupokea mali yenye sahihi. Siku zikipita, umeshindwa hata kama ulikuwa na haki. Kwa Visa na Mastercard, malalamiko mengi yanaweza kuletwa mpaka siku 120. Na ile karatasi ya mashine inafutika kwa joto na jua! Ipige foto ao fotokopi siku ileile, uibandike kwa kaye.

Kaye yenyewe iwe na safu tano: mauzo ya mashine, yanayongojwa, komisheni na TVA, yaliyorudishwa na gharama zake, feza iliyoingia. Dola na franka zisichanganywe, kila moja na kaye yake. Na anayeuza asikuwe yeye peke yake anayelinganisha; mutu wa pili atie sahihi.

Wafadhili, munapopokea ripoti yenye mauzo 1.300 na konti 698,68, muombe ukurasa wa ile kaye. Pale munaweza kuona kila dola.