Mwalimu, Maji na Uhamisho: Mapitio ya Tafiti kwa Shule za Delta ya Rufiji



Wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji ilichukua kata za visiwani na za kando ya mikoko: Msala, Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi, Salale. Walimu hupangiwa huko, wakaripoti, kisha baada ya muda wakaanza kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Nimepitia tafiti kuona zinatusaidiaje kulielewa jambo hili, na nitakaa zaidi pale zinapotuacha njiani.

Aidan Mulkeen, katika uchambuzi wake kwa Benki ya Dunia uliotoka mwaka 2010 kuhusu nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza, anaonyesha kuwa upungufu wa walimu vijijini hutokea hata pale ambapo mjini walimu wamejaa. Nyumba, matibabu, usafiri na hofu ya kusahaulika hujitokeza mara kwa mara. Hofu hiyo ya mwisho John Hedges aliieleza vizuri mwaka 2002 kutokana na walimu wapya wa Ghana: aliyepangiwa mbali huona ofisi itamsahau kijijini. Hapa kwetu, Bennell na Mukyanuzi waliandika mwaka 2005 juu ya ari ya walimu wa Tanzania, na suala la makazi halikukosekana.

Je, fedha hubakiza? Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka Gambia. Serikali ya huko ilianza kulipa posho ya mazingira magumu ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara kwa walimu wa shule za mikoa ya mbali zilizo zaidi ya kilomita 3 kutoka barabara kuu. Pugatch na Schroeder walilinganisha shule za pande mbili za mstari huo wa kilomita 3, wakakuta posho imeongeza sehemu ya walimu wenye sifa kwa takriban pointi 10 za asilimia. Kwa hiyo fedha huvuta watu. Lakini angalieni kipimo chenyewe: umbali kutoka barabarani.

Kwenye delta kipimo hicho kinakwama. Tuchukue mwalimu wa kisiwani anayetaka kwenda Kibiti mjini kufuatilia stahiki zake. Kwanza asubiri maji yajae, kwa kuwa maji yakipwa vijito vya mikokoni hubaki tope na boti haipiti. Nyakati za bamvua anaweza kupita njia ya mkato; maji mafu yakiingia, huenda akalazimika kuzunguka. Akifika Nyamisati anatafuta gari la Bungu, hapo ndipo anapokutana na barabara ya Kilwa. Safari ambayo kwenye ramani ni fupi inamla siku mbili au tatu, maana saa ya kurudi nayo inapangwa na maji. Darasa lake linakaa bila mwalimu, na nauli inatoka mfukoni. Fedha za simu zimepunguza safari za mshahara, ila hazijamaliza za hospitali wala za ofisini. Kwa maoni yangu, posho ya delta ingepaswa kukokotolewa kwa muda na nauli ya kufika makao makuu ya wilaya. Kilomita hazitatenda haki.

Posho hiyo itamleta mwalimu. Kumbakiza ni kazi ya vitu vingine. Richard Ingersoll alionyesha mwaka 2001, kwa takwimu za Marekani, kwamba shule nyingi hupungukiwa walimu kwa sababu wanaondoka, na kwamba uungwaji mkono wa uongozi wa shule una uzito katika uamuzi wao. Kisiwani, mkuu wa shule anayepanga ruhusa za safari kwa zamu na kulinda tangi la maji ya mvua la nyumba za walimu ana nguvu kuliko tunavyodhani, hasa pale visima vinapotoa maji ya chumvi. Kuajiri wenyeji nako hupendekezwa sana, lakini mtoto wa Msala hana budi kwanza amalize sekondari na chuo, na wanaofika huko bado ni wachache.

Kuna tahadhari mbili kwa atakayefanya utafiti hapa. Kwanza, barua za uhamisho husema kumfuata mwenza au matibabu, kwa kuwa ndizo sababu zinazokubalika. Hakuna atakayeandika kuwa aliogopa bahari, au mauaji ya Kibiti ya 2016 na 2017, au mafuriko ya Aprili 2024. Mahojiano yafanywe na walioondoka, wakiwa tayari katika vituo vyao vipya.

Pili, mwalimu anayetoka Mbwera kuja shule ya Kibiti mjini hahesabiwi kuwa ameondoka. Amehama ndani ya halmashauri, na idadi ya walimu wa wilaya inabaki ileile. Tukitumia takwimu za wilaya tutaona utulivu ambao haupo. Daftari la kuanzia ni la kila shule: nani aliripoti, mwezi gani, na aliondoka lini.