Ushuru juu ya ushuru
(Mazungumzo na wahazini wa vikundi, Kisii na Nyamira)

Shikeni stetimenti hii ya kikundi cha mashine ya posho. Benki imekata ada ya akaunti shilingi 360, na chini yake ushuru wa bidhaa 72. Haya, tazameni orodha ya ada za benki: ada yenyewe ni 300. Ushuru wa asilimia 20 ni 60, jumla 360. Kumbe ile 360 ilikuwa na ushuru tayari! Hizo 72 ni ushuru juu ya ushuru, zidaini.

Na kodi ya ongezeko la thamani je? Sheria ya mwaka 2013 haitozi kodi hiyo kwa kuendesha akaunti wala kutoa stetimenti. Ukiiona kwenye ada hizo, uliza benki kwa barua, ubaki na nakala.